Herufi ya 29 kabla jeni haijaanza kusomwa

Kipimo cha elektroforesisi ya hemoglobini hutoa jibu lake kwa mistari. Chembe nyekundu za damu hupasuliwa, tone la hemoglobini iliyomwagika huwekwa kwenye jeli, umeme hupitishwa, na kila aina ya hemoglobini hutembea kwa mwendo wake. Kwenye jeli ya alkali, hemoglobini A ya kawaida hutangulia. Hemoglobini S, ile ya selimundu, hufuata nyuma yake. Hemoglobini A2, ambayo kila mtu mzima anayo kidogo, hubaki nyuma kabisa. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu huonyesha mstari wa A na mstari wa S, na A huzidi, kwa kadiri ya asilimia 60 kwa 40. Aliyerithi selimundu kwa wazazi wote wawili hana A hata chembe.

Mara nyingine hutokea jibu ambalo haliingii katika mafungu hayo mawili: S ni nene, A ipo lakini ni nyembamba, tuseme asilimia 20. Swali la kwanza ambalo mtaalamu mwangalifu huuliza ni kama mgonjwa ameongezewa damu karibuni, kwa sababu chembe za mchangiaji zina hemoglobini A na huweza kuishi mwilini mwa mgonjwa hadi miezi mitatu au minne. Ikiwa hajaongezewa, chembe zake ni ndogo kuliko kawaida na A2 imepita asilimia 3.5, picha inaanza kueleweka. Kwa mzazi mmoja amerithi jeni ya selimundu. Kwa mzazi wa pili amerithi jeni ya beta globini isiyo na selimundu, inayotengeneza protini isiyo na kasoro yoyote, ila inatengeneza kidogo mno. Hali hiyo ya pili huitwa beta talasemia.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo ningependa tulitazame kwa karibu. Katika baadhi ya familia za Wamarekani wenye asili ya Kiafrika, watafiti walipoisoma jeni hiyo dhaifu herufi kwa herufi, hawakukuta kosa lolote katika sehemu inayoeleza namna ya kuunda protini. Kosa lilikuwa nje, herufi 29 kabla ya mahali ambapo usomaji wa jeni huanzia. Palipotakiwa kuwa na A palikuwa na G. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1984. Ili kuelewa kwa nini herufi ambayo haisomwi kamwe inaweza kupunguza hemoglobini ya mtu, inabidi tujue seli inafanya nini kabla haijanakili herufi ya kwanza.

Jeni ya beta globini iko kwenye kromosomu ya 11. DNA yake ni nyuzi mbili zilizosokotana, na herufi za uzi mmoja hushikana na za mwenzake kwa jozi: A na T, G na C. Ili protini ipatikane, uzi mmoja hunakiliwa kwanza kuwa RNA, na kazi hiyo ndiyo unukuzi. Kimeng'enya kinachonukuu jeni za protini kinaitwa polimerasi ya RNA ya pili, kwa ufupi Pol II. Wanasayansi huipa herufi ya kwanza inayonakiliwa namba +1. Herufi iliyo kabla yake ni -1, inayofuata nyuma ni -2, na kuendelea hivyo. Eneo hilo la nyuma, ambalo kazi yake ni kuamua kama unukuzi utaanza, wapi na mara ngapi, ndilo promota.

Kwenye promota ya beta globini ya binadamu, kuanzia -32 hadi -26, herufi zinasomeka CATAAAA. Mfuatano unaofanana na huo, wenye T na A kwa wingi, ulitambuliwa mwaka 1978 katika maabara ya David Hogness huko Stanford, California, na mwanafunzi wake Michael Goldberg. Kwa kuwa umbo lake la kawaida ni TATAAA, uliitwa sanduku la TATA. Ulionekana kwenye jeni baada ya jeni, karibu kila mara herufi 25 hadi 30 hivi kabla ya +1. Umbali huo kutobadilika sana ulikuwa dokezo muhimu, na sababu yake tutaikuta mbele kidogo.

Wakati huo ilijulikana tayari kwamba seli zenye kiini zina polimerasi tatu. Robert Roeder na William Rutter walizitenganisha mwaka 1969 huko Seattle. Iliyokuwa inasumbua ni Pol II. Ukiisafisha hadi ikawa peke yake, kisha ukaipa DNA na malighafi, inatengeneza RNA, lakini inaanza popote: kwenye ncha za DNA, kwenye mikwaruzo, mahali ambapo nyuzi zimeachana. Promota haioni. Kimeng'enya hiki chenye vipande 12 vya protini, ambacho maisha yetu yote yanakitegemea, hakina uwezo wa kutambua jeni inaanzia wapi.

Mwaka 1979 Roeder na wenzake walionyesha kwamba kinachokosekana kimo ndani ya seli yenyewe. Walichukua Pol II iliyosafishwa, wakaichanganya na maji ya seli za binadamu zilizosagwa, wakaongeza DNA ya virusi vya adeno yenye promota kali. Safari hii unukuzi ulianza mahali pake. Namna ya kuhakikisha ilikuwa rahisi na ya kuaminika. Ukiikata DNA kwa kimeng'enya umbali unaoujua, kwa mfano herufi 500 mbele ya +1, polimerasi iliyoanza mahali sahihi itafika kwenye ncha na kudondoka ikiwa imetengeneza RNA yenye herufi 500 kamili. Kwenye jeli utaona mstari mmoja mkali. Ikiwa inaanza ovyo, utaona ukungu wa RNA za kila urefu.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kuchambua maji yale. Yalipitishwa kwenye safu ya fosfoselulosi, yakasukumwa kwa chumvi iliyoongezwa kikali hatua kwa hatua, yakatoka mafungu manne yaliyoitwa A, B, C na D. Fungu moja peke yake halikutosha. Ilibidi kuchanganya, kupunguza, kusafisha tena, na kwa zaidi ya miaka kumi maabara kadhaa zilivitoa visaidizi vya unukuzi kimoja baada ya kingine. Majina yake hadi leo yamebeba alama za safu ile: TFIIA, TFIIB, TFIID, TFIIE, TFIIF, TFIIH. Mbili za Kirumi katikati zinaonyesha kwamba ni visaidizi vya polimerasi ya pili. Vinaitwa visaidizi vya jumla kwa sababu havihusiki na jeni moja tu, bali karibu jeni zote zinazonukuliwa na Pol II.

Anayeanza ni TFIID. Ni kundi la protini kumi na kadhaa, na kati yake iliyo muhimu zaidi kwetu ni ndogo inayoitwa TBP, protini inayoshika TATA. Umbo lake lilijulikana mwaka 1992 kutokana na TBP ya mmea, na mwaka 1993 maabara mbili zilionyesha TBP ikiwa imeishika DNA. Protini hii imepinda kama tandiko la punda, na upande wake wa ndani hukaa juu ya DNA. Wengi walitarajia kuona DNA imenyooka chini ya tandiko. Walichokiona ni DNA iliyokunjwa kwa ghafla, kadiri ya nyuzi 80, na msokoto wake umelegezwa.

Namna TBP inavyofanya hivyo inaeleza ugonjwa wetu, kwa hiyo tuitazame polepole. DNA iliyosokotwa ina mifereji miwili inayoizunguka, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Protini nyingi zinazosoma DNA huingilia mfereji mpana, kwa kuwa humo herufi zinaonyesha tofauti zao waziwazi. TBP huingilia mfereji mwembamba. Kwenye kila mwisho wa sanduku la TATA huchomeka jozi ya asidi amino bapa, fenilalanini, katikati ya ngazi za DNA, na ngazi hizo zikishatenganishwa DNA hukunjika. Ili hayo yawezekane mfereji mwembamba lazima ufunguke na uwe laini. Jozi za A na T zinakubali, kwanza kwa sababu zinapindika kwa urahisi, pili kwa sababu ndani ya mfereji huo hazina kitu kilichojitokeza. G inacho. Ina kikundi kidogo cha atomi, nitrojeni moja na hidrojeni mbili, kilichochomoza kuelekea kwenye mfereji mwembamba, mahali hasa ambapo TBP inataka kulala.

Kwa hiyo CATAAAA ikiwa CATGAAA, TBP haizuiwi kabisa, ila inashika vibaya na kuachia mapema. Tutarudi kwenye hesabu yake.

TBP ikishakaa, wengine wanafuata, na utaratibu wao ulionekana vizuri mwaka 1989 kwa jaribio la Stephen Buratowski na wenzake huko MIT. Kipande cha DNA chenye promota kiliwekewa alama ya mionzi, kikachanganywa na visaidizi vichache kwa wakati, kisha kikapitishwa kwenye jeli isiyoharibu mshikamano wao. DNA tupu hukimbia. DNA iliyobebeshwa protini huchelewa, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo mstari unavyobaki nyuma zaidi. TFIID ilipoongezwa, mstari ulipanda. TFIIA ilifuata na kuimarisha mshiko wa TFIID. TFIIB ilipoongezwa, mstari ukapanda tena. Pol II ilipotiwa kabla ya TFIIB, haikutokea badiliko lolote. Ilipotiwa baada yake, mstari mpya ulionekana. Jeli hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba mpangilio upo, na kwamba TFIIB ndiyo inayoiwezesha polimerasi kufika.

TFIIB inastahili maneno ya ziada. Mwisho wake mmoja hushika TBP pamoja na DNA iliyokunjwa pande zote mbili. Mwisho wa pili huingia ndani ya Pol II, karibu kabisa na mahali ambapo RNA huundwa. Protini hii ndiyo inayopima umbali. Kwa kuwa urefu kutoka TBP hadi kitovu cha kazi cha polimerasi umewekwa na miili ya protini zenyewe, herufi ya kwanza ya RNA itaangukia herufi 30 hivi mbele ya sanduku la TATA. Ndiyo sababu umbali ule haubadiliki sana. Na ndiyo sababu watafiti walipoliondoa sanduku la TATA kwenye promota za majaribio, mara nyingi unukuzi haukukoma tu au kupungua, bali mwanzo wake pia ulitawanyika, RNA moja ikianzia hapa na nyingine pale.

Pol II haifiki peke yake. Hufika ikiwa imeandamana na TFIIF, ambayo huizuia isishike DNA nyingine ovyo na kuifunga vizuri na TFIIB. Halafu hufika TFIIE, na TFIIE humwita wa mwisho, TFIIH, kundi la protini kumi. Sasa zaidi ya aina 40 za protini zimekusanyika juu ya kipande cha DNA chenye herufi zisizofika mia moja, na bado hakuna herufi hata moja iliyonakiliwa. DNA imelala juu ya mdomo wa polimerasi, nyuzi zake mbili zikiwa zimefungana.

Kuzifungua ni kazi ya TFIIH, na hapa nishati hutumika kwa mara ya kwanza. Kipande chake kiitwacho XPB huchoma ATP na kuisukuma DNA ya upande wa mbele iingie ndani ya Pol II. Upande wa nyuma umebanwa na TBP na TFIIB, hauwezi kuzunguka kwa uhuru. DNA inayosukumwa huku imezuiwa kuzunguka hulegea msokoto wake, na jozi kumi na kitu karibu na +1 huachana. Uzi mmoja hushuka hadi kwenye kitovu cha kazi, na Pol II huunganisha herufi mbili za kwanza za RNA.

Mtu angetarajia kwamba kuanzia hapo kazi huendelea moja kwa moja. Haiendelei. Mara nyingi Pol II hutengeneza RNA ya herufi mbili, tatu, hata nane, kisha huitupa na kuanza upya, huku ikiwa imefungwa na visaidizi vyake. RNA inapofikia herufi 12 au 13 hukosa nafasi, kwa kuwa njia yake ya kutokea imejazwa na sehemu ya TFIIB. Hapo mojawapo lazima iondoke, na inayoondoka ni TFIIB. Wakati huohuo kipande kingine cha TFIIH, CDK7, huchomeka fosfeti kwenye mkia wa Pol II. Mkia huo kwa binadamu ni mfuatano wa asidi amino saba uliorudiwa mara 52. Mkia uliojaa fosfeti huachana na visaidizi vya promota na badala yake huvuta protini za kutengeneza RNA. Polimerasi imeondoka. TBP yaweza kubaki, na polimerasi nyingine ikaja.

Sasa hesabu. Tukumbuke kwamba kila RNA iliyofanikiwa kutoka kwenye promota yenye G ni RNA kamili, na protini yake ni beta globini halisi. Kinachopungua ni idadi ya mara ambazo mkusanyiko mzima hukamilika. TBP ikiachia kabla TFIIB haijafika, au TFIIB ikiwa imefika lakini Pol II bado, kila kitu huvunjika na kuanza mwanzo. Kosa jirani, la A kuwa C katika nafasi ya -28, lilipatikana kwa mgonjwa wa Kikurdi na kuchapishwa mwaka 1982. Jeni hiyo ilipowekwa ndani ya seli zinazokuzwa maabara ili RNA yake ipimwe, ilipungua mara tatu hadi tano.

Tuchukue kipimo cha mara nne na kurudi kwenye jeli yetu ya mwanzo. Jeni ya selimundu ina promota nzima, tuseme inatoa minyororo 100 ya beta ya S. Jeni ya pili inatoa 25 ya beta ya A. Katika 125, A ni sehemu moja kati ya tano, yaani asilimia 20. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu minyororo ya A hushindana vizuri zaidi kuliko ya S kuungana na minyororo ya alfa, lakini inatufikisha karibu na kile ambacho mstari mwembamba wa A huonyesha kwa wagonjwa hawa. Ile asilimia 20 ina faida kubwa. Hemoglobini A huchanganyika na S ndani ya kila chembe na kuzuia S isigande kirahisi, hivyo ugonjwa wao kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wa mwenye selimundu pande zote mbili.

Familia nyingine za asili hiyohiyo ya Kiafrika zina kosa katika nafasi ya -88, C ikiwa T. Hapo ni mbali na sanduku la TATA na TBP haihusiki. Mahali hapo pana mfuatano CACACCC, ambao hushikwa na protini iitwayo KLF1. KLF1 si kisaidizi cha jumla. Hupatikana hasa kwenye seli za uboho zinazokomaa kuwa chembe nyekundu, na kazi yake ni kuvuta TFIID na wenzake kwenye promota hii. Seli ya ngozi ina sanduku la TATA la beta globini lilelile, ina TBP, ina Pol II, lakini haitengenezi hemoglobini, kwa kuwa hapo DNA imefungwa na hakuna KLF1 ya kuita. Ukilinganisha makosa haya mawili unaona mambo yanayotenganishwa kwa herufi zisizozidi 60: moja hudhoofisha mwito, jingine hudhoofisha mshiko. Kwenye damu, zote mbili hutoa chembe ndogo, A2 iliyopanda na mstari mwembamba wa A. Kipimo cha jeli hakiwezi kuzitofautisha, ila kusoma DNA yenyewe.

Wala si kila beta talasemia inatoka kwenye promota. Huko Oman, ambako ugonjwa huu unajulikana sana, kosa linaloongoza liko ndani ya jeni: unukuzi huanza kama kawaida, kisha RNA hukatwa vibaya inapoandaliwa. Nalisema hili kwa ajili ya msomaji atakayekutana na neno talasemia kwenye karatasi ya hospitali, asije akadhani kila mara maana yake ni sanduku la TATA.

Kuna tahadhari mbili nyingine. Ya kwanza ni kwamba jeni nyingi za binadamu hazina sanduku la TATA linaloonekana. Zilizo nalo ni chache, pengine moja kati ya tano au pungufu. TFIID hufika hata kwenye zisizo nalo, ikishika DNA kwa protini zake nyingine karibu na +1 na mbele yake. Picha za hadubini ya elektroni zilizochapishwa mwaka 2021 kutoka maabara ya Yanhui Xu huko Shanghai zilionyesha kwamba hata hapo TBP huishia kulala juu ya DNA na kuikunja, herufi 30 hivi kabla ya mwanzo. Kwa hiyo TATA hurahisisha kitendo ambacho promota zote hulazimika kukipitia. Kwenye jeni kama ya beta globini, inayotakiwa kutoa RNA kwa wingi mkubwa katika siku chache, urahisi huo ndio tofauti kati ya damu ya kutosha na upungufu.

Ya pili ni kwamba utaratibu nilioueleza, D kisha A kisha B kisha polimerasi, ni wa kwenye mirija ya maabara, ambako mtafiti anaweza kunyima kisaidizi kimoja na kungoja. Ndani ya seli hai kuna Mediata, kundi kubwa la protini linalosimama kati ya viitaji kama KLF1 na Pol II, na vipande vingine huweza kufika vikiwa vimeshikana tayari. Watafiti waliofuatilia protini hizi moja moja ndani ya hamira hai waliona mkusanyiko ukidumu sekunde chache tu, kisha unatawanyika. Ukiujua muda huo mfupi unaelewa zaidi kwa nini mshiko ulioregea wa TBP una madhara.

Hadi hapa kosa lilikuwa kwenye DNA, na visaidizi vilikuwa vizima. Mwaka 2001 watafiti wa Oxford na wenzao wa nchi nyingine walichapisha kisa cha upande wa pili. Kuna ugonjwa wa nadra wa kurithi uitwao trikotiodistrofi. Nywele za mtoto huwa fupi na zinakatika kwa kuguswa, ngozi hukauka na kutoa magamba, ukuaji hudumaa. Wengi wa wagonjwa hawa wana kosa kwenye jeni ya XPD, ambayo protini yake ni mojawapo ya kumi za TFIIH. Walipopimwa damu, chembe zao zilikuwa ndogo na A2 yao imepanda, vilevile kama mtu aliyebeba beta talasemia. Jeni zao za beta globini zilisomwa na kukutwa nzima, pamoja na promota.

TFIIH hutumika kwenye karibu kila jeni ya protini mwilini. Kwa nini basi ionekane kwenye damu na nywele? Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba TFIIH yenye kosa hilo haidumu. Seli inayogawanyika na kuendelea kuishi hutengeneza nyingine kufidia. Seli ya uboho inayokaribia kuwa chembe nyekundu haina nafasi hiyo: inafunga jeni zake nyingi, inaelekeza unukuzi wake kwenye globini, na baada ya siku chache inakitupa kiini chake nje. Seli ya mzizi wa unywele nayo inamalizia maisha yake ikitengeneza protini za unywele kwa wingi, kisha inakufa. TFIIH ikiisha kabla kazi haijaisha, jeni zinazokatizwa ni zile ambazo zilikuwa bado zinanukuliwa mwishoni.

Kwa daktari aliye na mtoto mwenye A2 ya juu na jeni ya beta isiyo na kosa, kisa hicho kimeongeza kitu kimoja cha kuangalia ambacho hakihitaji jeli wala umeme: unywele mmoja chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga. Kwa wagonjwa wa trikotiodistrofi huonekana mistari ya giza na nuru inayopishana kuanzia mzizi hadi ncha.